Kuhamisha saketi ya 555 kutoka bredibodi

"Taa yangu ya kuwaka na kuzima ya 555 inafanya kazi vizuri kwenye bredibodi. Nataka kuihamishia pafubodi, naogopa shoti. Nianzie wapi?"

Ndugu, usiibomoe ya bredibodi mpaka hii mpya iwake. Kwenye pafubodi kila tundu liko peke yake, kwa hiyo kila muunganisho utauchomea mwenyewe. Ukigeuza bodi, kushoto kunakuwa kulia: weka alama ya wino upande wa chini penye pini ya 1. Chomea soketi ya pini 8, chipu yenyewe iache pembeni.

Kabla ya betri, weka multimita kwenye mlio. Gusa chanya na hasi. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita inajichaji, usishtuke. Ukiendelea bila kukoma, hiyo ni shoti.

Kisha pima pini zinazopakana, 1 na 2, 2 na 3, hivyo hivyo mpaka 7 na 8. Hapo pasilie mfululizo. Panapotakiwa kulia ni 2 na 6, pia 4 na 8, maana umeziunganisha kwa makusudi. Pini ya 2 ikilia na ya 1, tazama chini kwa taa kali: mara nyingi ni uzi mwembamba wa risasi kati ya matundu mawili. Upitishie ncha safi ya pasi, au ukwangue kwa wembe, upime tena.

Vipimo hivi ni vya betri ya volti 9. Kama unatumia umeme wa ukutani, mwite fundi.