Jibu: 2D au 3D kwa gemu ya kwanza ya simu

"Nataka kutengeneza gemu ndogo ya simu, mhusika anakimbia na kuruka. Nichore 2D au nijifunze 3D?"

Mkuu, amua kwanza kamera itakaa wapi. Kama mhusika anaonekana kwa ubavu tu, chora 2D. Picha 8 zinazojirudia zinatosha kwa kukimbia, na kuruka picha 3 au 4. Akigeukia kushoto huchori upya. Kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, unawasha `flip_h` tu.

Hesabu inabadilika kamera ikiwa juu na mhusika anaenda pande 8. Hata ukigeuza pande tatu kama kioo, zinabaki 5, kila moja picha 8: michoro 40 ya kukimbia peke yake. Ukimbadilisha shati, unarudia yote. Hapo 3D inakuokoa, maana mwendo mmoja unaonekana kutoka kila upande. Ila wengi hukwama kwenye kumfunga mhusika mifupa: ukiona kiwiko kinasinyaa kikikunjwa, uzito wa mifupa, yaani kiasi ambacho kila mfupa unavuta ngozi, haujagawanywa vizuri.

Chunga pia kumbukumbu ya simu. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa hula MB 16, hata faili lake la PNG likiwa dogo.

Kwa gemu uliyoieleza, mimi ningechora 2D.