Kupima pumzi nyumbani kwa ngazi na mapigo ya moyo

"Wakuu, nimeanza mazoezi lakini hela ya jimu sina. Nitajuaje nikiwa nyumbani kama mwili unaimarika kweli?"

Mkuu, mimi hapa Sinza natumia ngazi ya baraza. Inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 30 hivi; yangu ilikuwa fupi, fundi akaiongezea zege. Weka metronomu ya simu, yaani programu inayolia kwa mwendo sawa, kwenye milio 96 kwa dakika. Kila mlio ni mguu mmoja: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini. Endelea hivyo dakika 3 bila kuongea. Zikiisha kaa kitini papo hapo, na ndani ya sekunde 5 anza kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, ila usihesabu kwa dole gumba lenyewe, maana lina mapigo yake.

Hizo sekunde 5 ndizo zinazowapoteza wengi. Ukishakaa, mapigo yanashuka kwa kasi, kwa hiyo ukihangaika nusu dakika kutafuta mshipa utapata namba ndogo na kudhani umeimarika. Utafute mshipa kabla ya kuanza, ujue uko wapi.

Kingine ni joto letu. Mara ya kwanza nilipima Januari, saa tisa mchana, nikapata 131. Nikaogopa sana. Keshokutwa yake nikarudia saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai: 117. Mwili ulikuwa uleule. Kwenye joto na unyevu moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, hivyo unapiga zaidi kwa kazi ileile. Tangu hapo napima asubuhi tu. Baada ya wiki 10 za kutembea nilipata 104, na hiyo naiamini kwa sababu ngazi, saa na mwendo vilikuwa vilevile. Tofauti ya mapigo mawili matatu usiihesabu, hata usingizi mbaya unaileta.

Mama yangu magoti yanamsumbua, kwa hiyo yeye anatembea maili moja, yaani mita 1,609, raundi 4 za kiwanja cha riadha na mita 9 juu. Anatembea haraka awezavyo bila kukimbia, kisha tunahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Hapa kasi anaichagua mwenyewe, kwa hiyo mapigo peke yake hayasemi kitu. Lazima uyasome pamoja na muda. Alianza na dakika 19 na mapigo 132. Sasa ni dakika 17 na nusu, mapigo 132 yaleyale: amefanya kazi kubwa zaidi kwa moyo uleule.

Kama unatumia dawa za presha aina ya atenololi, zinashusha mapigo, kwa hiyo usijilinganishe na mtu asiyezitumia. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, acha hapohapo uende hospitali.