Kaka anataka kuuza kiwanja cha urithi

"Kaka yangu ameleta wanunuzi kwenye kiwanja cha marehemu baba, Mukono. Kesi huchukua miaka. Nifanyeje asikiuze?"

Pole, ndugu yangu. Fungua kesi kwanza, maana zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha uuzaji kesi ikiendelea, halisimami bila kesi ya msingi. Siku hiyohiyo wakili awasilishe ombi chini ya Amri ya 41 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Uganda, pamoja na kiapo chako cha maandishi, na aombe zuio la dharura hadi ombi hilo lisikilizwe.

Kiapo ndicho kinachobeba ombi. "Naogopa atauza" haitoshi. Taja tarehe wanunuzi walipokuja, ambatisha picha ya mawe mapya ya mpaka. Mahakama itauliza kama fidia ya pesa ingekutosha, kwa hiyo eleza makaburi ya wazee yaliyomo.

Wahi. Jina likishahamishwa, zuio halina cha kuzuia. Ukipata amri, kaka apewe nakala, na ofisi ya ardhi pia.