Atomu ya Oksijeni Iliyonipotezea Alama

Jumapili usiku binti mmoja wa kidato cha sita alinitumia picha ya daftari lake. "Kaka, nimekosa wapi? Hatua ya polepole ndiyo inayoamua kasi, na mimi nimeandika hiyo hiyo." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Jibu lile niliwahi kuliandika mwenyewe, na mwalimu wangu alilisoma mbele ya darasa zima kama kichekesho. Leo ninafundisha tuisheni, lakini nikikumbuka siku ile masikio bado yananichemka.

Swali lilitaka mlinganyo wa kasi ya ozoni kuvunjika na kuwa oksijeni, kwa hatua hizi mbili:

```
O3 ⇌ O2 + O      haraka (k1 kwenda, k-1 kurudi)
O + O3 → 2O2     polepole (k2)
```

Kwanza zijumlishe. Atomu O inazaliwa juu na kuliwa chini, kwa hiyo inafutika, na kinachobaki ni 2O3 → 3O2. Hatua zisipojumlika hivyo, usiendelee, umenakili vibaya.

Kisha andika kasi ya hatua ya polepole. Kwa kuwa hatua hiyo ni mgongano halisi wa chembe mbili, ruhusa ipo ya kuchukua vipeo moja kwa moja kutoka kwenye mlinganyo wake. Kwa mlinganyo wa jumla ruhusa hiyo haipo.

```
kasi = k2[O][O3]
```

Hapo ndipo binti alipoweka kalamu chini, na hapo ndipo nilipoiweka mimi. Hatukukosea, tuliishia njiani. Hakuna aliyetia atomu za O kwenye chupa. Zinatokea katikati, ni chache mno, na hazingoji kupimwa. Mlinganyo wa kasi unaotaka kuupeleka maabara uwe na vitu unavyoweza kuvipima: ozoni na oksijeni.

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni, wala si darasani. Watu wanaingia sehemu ya kusubiri, wengine wanaghairi na kutoka, huku kivuko kikichukua wachache kwa zamu. Wanaosubiri huna haja ya kuwahesabu mmoja mmoja ukijua wanaingiaje na wanatokaje. Atomu O ndiyo inayosubiri, na kivuko ni hatua ya polepole. Hatua ya kwanza inakwenda na kurudi upesi kiasi kwamba kivuko hakiivurugi, kwa hiyo kuingia na kutoka kunalingana:

```
k1[O3] = k-1[O2][O]
[O] = k1[O3] / (k-1[O2])
```

Ingiza [O] hiyo kwenye kasi ya hatua ya polepole:

```
kasi = k[O3]²/[O2],   k = k1k2/k-1
```

Sasa tazama oksijeni ilivyokaa chini. Zao la mmenyuko linaupunguza kasi mmenyuko wenyewe! Wanafunzi wangu wengi wakifika hapa hufuta wakidhani wamekosea. Msifute. Oksijeni ikiwa nyingi, atomu O zinanaswa na kurudi kuwa ozoni kabla hazijafika hatua ya pili. Na jambo hili linapimika: ongeza oksijeni maradufu bila kugusa ozoni, kasi inashuka hadi nusu. Ongeza ozoni peke yake maradufu, kasi inapanda mara nne. Ongeza zote mbili, inapanda mara mbili tu. Vipimo vikigoma kufuata hivyo, hatua ulizopendekeza zina kasoro. Vikikubali, bado hujazithibitisha, maana hatua nyingine zinaweza kuzaa mlinganyo huo huo. Hilo mwalimu wangu hakulisema, pamoja na kelele zake zote.

Binti akajibu baada ya dakika kumi: "Sasa kaka, mwanzoni kabisa ambapo oksijeni hakuna, si tunagawanya kwa sifuri?"

Nikiri: nikiwa na umri wake sikuwahi kuuliza hivyo, na mwanafunzi wa kwanza kuniuliza nilimkwepa. Jibu liko kwenye lile neno "haraka". Kurudi kwa hatua ya kwanza kunahitaji oksijeni. Ikiwa haba, atomu O inakutana na ozoni kabla ya kurudi, na ule usawa tuliouandika haupo tena. Dhana yetu inasimama pale tu k-1[O2] inapoizidi mbali k2[O3]. Usipoidai, ukasema tu kwamba O inaliwa kwa kasi ile ile inayozaliwa, unapata:

```
kasi = k1k2[O3]² / (k-1[O2] + k2[O3])
```

Oksijeni ikiwa nyingi, hii inageuka kuwa ile ya kwanza. Ikikaribia sifuri, inabaki k1[O3]: hakuna kugawanya kwa sifuri, na hatua inayoamua kasi sasa ni ile tuliyoiita ya haraka.

Akanitumia emoji ya kichwa kinacholipuka, na picha ya daftari lenye [O] iliyokatwa kwa wino mwekundu, safari hii wino wake mwenyewe.