Bosi akiongeza kazi juu ya kazi: namna ya kumjibu bila kumvunjia heshima

Mabosi wengi hawajui una kazi ngapi mkononi. Simaanishi kwamba hawajali. Kazi moja alikupa kwenye kikao cha Jumatatu, nyingine akakutumia kwa simu usiku, ya tatu aliitoa mlangoni akiwa anawahi mahali, na ya nne uliletewa na mtu wa idara nyingine aliyekuambia "mkuu amesema utusaidie". Wewe peke yako ndiye unayeziona zote nne kwa pamoja. Ndiyo maana anapoleta ya tano, anaileta kwa amani kabisa, na anashangaa ukikunja sura.

Nimefanya kazi za ofisini miaka mingi, sehemu kubwa upande wa hesabu na ripoti, chini ya mabosi wapole na mabosi wa moto. Njia iliyonifaa kwa wote ni ile ile: sijibu ndiyo wala hapana papo hapo. Namwonyesha zilizopo, napendekeza mpangilio, kisha namwachia uamuzi. Kukataa kumo humo humo, ila anayesema ipi isubiri ni yeye mwenyewe, na ndiyo haki yake.

Wale wa "ndiyo mzee" kwa kila kitu huwa wanadhani wanalinda heshima. Shida ni kwamba bosi naye ana bosi wake. Ukimwambia Jumatano kwamba kazi itakuwa tayari Ijumaa, saa hiyo hiyo na yeye ameshaahidi juu. Ukija kumwambia Ijumaa jioni kwamba haijaisha, umemwaibisha kule. Angesikia Jumatano angekuwa na siku mbili za kujipanga.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Ni Jumatano asubuhi. Una kazi tatu: kuhakiki mishahara, ambayo lazima iende benki Ijumaa asubuhi, masaa 4, ripoti ya mwezi, inatakiwa Ijumaa mchana, imebaki masaa 6, na kuandaa nyaraka za wakaguzi wa hesabu, masaa 5, nazo umepangiwa Ijumaa. Jumla masaa 15. Sasa bosi anakuletea ya nne: slaidi za kikao cha bodi cha Jumatatu. Ukipiga hesabu, ni masaa 7 hivi.

Kwenye karatasi, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa una masaa 24 ya kazi. Hayo usiyategemee. Toa vikao, simu, barua pepe, na watu wanaokuja mezani na swali la dakika moja linalochukua ishirini. Kwangu mimi, siku ya kawaida hubaki na masaa kama 5 ya kukaa na kazi moja bila kukatishwa. Wewe pima yako kwa wiki moja utaijua. Masaa 5 kwa siku tatu ni 15, na 15 tayari yameshajaa. Slaidi hazina pa kukaa.

Hapo ndipo unaangalia tarehe moja moja na kujiuliza nani hasa anasubiri. Mishahara haisogei, huo si mjadala. Ripoti inasubiriwa na watu wa juu. Lakini nyaraka za wakaguzi? Wakaguzi wenyewe wanaanza Jumanne. Ile Ijumaa mliiweka ninyi wenyewe ili mpumue. Karibu kila orodha ya kazi huwa na tarehe moja ya namna hii, iliyowekwa kwa usalama tu, na ukiipata umepata mlango. Nyaraka zikisogea hadi Jumatatu, umepata masaa 5. Bado mawili. Kama kuna mwenzako wa takwimu anayeweza kuchora grafu, yamepatikana.

Sasa ndiyo unaandika:

"Mkuu, habari za asubuhi. Kazi ya slaidi za bodi nimeipokea. Kabla sijaanza naomba mwongozo wako kidogo. Hadi Ijumaa nina mishahara (masaa 4, iende benki Ijumaa asubuhi), ripoti ya mwezi (masaa 6, Ijumaa mchana) na nyaraka za wakaguzi (masaa 5, Ijumaa jioni). Slaidi zinahitaji kama masaa 7, na zote nne hazitaenea. Napendekeza mishahara na ripoti zibaki kama zilivyo, slaidi zichukue nafasi ya nyaraka, na nyaraka nizimalize Jumatatu kwa kuwa wakaguzi wanaanza Jumanne. Mwenzetu wa takwimu akinisaidia grafu, slaidi utazipata Ijumaa jioni. Ukiona mpangilio mwingine unafaa zaidi, nitaufuata. Nikipata neno lako kabla ya mchana nitaanza leo leo."

Angalia kilichoachwa nje. Hakuna "nimechoka", hakuna "nimezidiwa", hakuna "kila siku ni mimi tu". Huenda yote ni kweli, lakini uchovu wako bosi hawezi kuupanga, na akiwa mtu wa moto atakuambia na yeye amechoka. Masaa na tarehe anaweza kuvipanga. Pia hakuna kuomba radhi mara tatu. Kuuliza mpangilio wa kazi si kosa, na ukijinyenyekeza kupita kiasi ujumbe unaanza kusikika kama mtu anayeficha jambo.

Halafu kuna pendekezo. Hili ndilo watu wengi hulisahau. Wanaenda kwa bosi na swali tupu, "Nianze na ipi?", na wanarudi na jibu la "zote". Jibu hilo ni la haki kabisa, maana umemrudishia kazi ya kufikiri wakati ana mambo yake kumi. Ukimpelekea mpangilio uliokamilika, kazi yake ni kusema sawa au kubadilisha kitu kimoja.

Masaa yenyewe uyatoe wapi? Usiyakisie. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi binadamu tunavyopenda kudhani kazi itachukua muda mfupi kuliko inavyochukua kweli, hata kama kazi kama hiyo imeshatuchelewesha huko nyuma. Mwaka 1994 watafiti wengine waliwauliza wanafunzi watamaliza lini kuandika tasnifu zao. Kwa wastani walitaja siku kama 34. Iliwachukua zaidi ya 55. Kwa hiyo fungua kalenda, au angalia barua pepe za mara ya mwisho ulipofanya kazi kama hiyo: ulianza lini, ulituma lini. Namba hiyo ndiyo ya kumpelekea bosi. Wala usiivimbishe. Mabosi wengi walishafanya kazi hizo hizo kabla yako, na siku akikukamata umeita masaa 7 kitu cha masaa 2, orodha zako zote zitakazofuata zitasomwa kwa jicho la pembeni.

Tuseme ujumbe umefika na jibu ni lile lile: "Zote ni muhimu, zifanye zote." Usibishane juu ya umuhimu. Kubali, kisha uliza kuhusu kuchelewa: "Nimekuelewa mkuu, zote zitafanyika. Ikitokea Ijumaa mchana moja haijaisha, ipi ikichelewa haitatuletea shida sana?" Swali hili nimeona likifungua midomo ambayo lile la kwanza liliifunga, kwa sababu halimtaki akiri kwamba kazi yake moja ni ndogo. Akikaza bado, mwambie utakavyofanya: "Basi naanza na mishahara, halafu ripoti, halafu slaidi. Kesho jioni nitakueleza tumefika wapi." Na kesho jioni umweleze kweli, hata kama hajauliza.

Mahali pa kuyasema haya nako kuna adabu yake. Kama kazi ameitoa mbele ya watu, kwenye kikao, hapo si mahali pa kutoa orodha. Sema tu, "Nimeipokea mkuu, naomba nije kwako baada ya kikao tuipange," ukaishie hapo. Ukianza kuhesabu masaa mbele ya wenzako, hata kwa sauti ya upole, yeye atasikia amepingwa hadharani na atalazimika kushikilia neno lake. Kama bosi ni mama wa makamo unayemwita mama, mwite hivyo hivyo. Kubadili ghafla na kuanza rasmi-rasmi kunaonyesha kama umekuja kugombana.

Wenye mabosi wawili mna mtihani zaidi. Kishawishi ni kumtumia mmoja kama ngao: "Siwezi, fulani kanipa kazi." Ngao hiyo inachochea vita ambayo wewe ndiye utakayepigwa. Waandikie wote wawili ujumbe mmoja, orodha moja, pendekezo moja, wakubaliane wao.

Si kila kazi inastahili utaratibu huu, jamani. Kitu cha nusu saa kifanye tu. Mtu anayetoa orodha ya vipaumbele kila akiombwa kunakili karatasi mbili atachokwa mapema. Na dharura ya kweli, kama mfumo wa mishahara kugoma Alhamisi usiku, haisubiri ujumbe. Unaingia kazini, na mpangilio unajadiliwa asubuhi.

Mkishakubaliana kwa mdomo, andika mistari miwili umtumie: "Kama tulivyoongea mkuu, slaidi Ijumaa jioni, nyaraka za wakaguzi Jumatatu." Hii si kumtega. Mwenyewe atashukuru Ijumaa akiulizwa nyaraka ziko wapi. Kisha umtaarifu anayezisubiri zile nyaraka siku hiyo hiyo, wewe mwenyewe. Kazi ikisogezwa bila mwenye kuisubiri kujua, atampigia bosi simu, na bosi atakuja kwako amekasirika kwa jambo ambalo mlikubaliana.

Kuna hali moja ambayo njia hii haiwezi kuitibu. Ikiwa kila wiki unapanga upya, na kila wiki kuna kazi inayosukumwa mbele, basi tatizo si mpangilio tena, ni kwamba kazi ni nyingi kuliko watu. Hapo zile jumbe za mistari miwili ulizotuma ndizo zinafaa. Zikusanye za miezi miwili mitatu, uone ni kazi gani inayosogezwa kila mara na kwa masaa mangapi. Omba muda na bosi, si siku aliyokuletea kazi mpya, bali siku iliyotulia, na umpelekee mambo matatu achague: kazi hiyo apewe mtu mwingine, ifanywe mara chache zaidi, au iombewe mtu wa muda. Akisema ufanye saa za ziada, uliza pale pale, kwa upole, zitaandikwa wapi na mwisho wake lini.