Ukitoka sokoni “mpaka vumbi litulie”

Kwenye kikundi chetu cha akiba hapa Kirumba, soko la hisa likitikisika simu haziishi. Wa kwanza kupiga huwa mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni: “Mwanangu, mimi natoka kwanza. Vumbi likitulia nitarudi.”

Hofu yake naielewa. Ila huwa namwonyesha Machi 2020 kwenye fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa kama 500 za huko. Tarehe 12 ilishuka asilimia 9.5. Kesho yake ikapanda 9.3. Tarehe 16 ikaporomoka karibu 12, na tarehe 23 ikagusa chini kabisa. Siku iliyofuata ikaruka asilimia 9.4, tarehe 26 ikapanda 6.2, na Aprili 6 ikapanda 7. Wakati huo habari za korona bado zilikuwa mbaya kila kona, kwa hiyo aliyekuwa anasubiri vumbi litulie alikuwa bado anasubiri.

Tuchukue siku hizo 3 za mwisho tu. Zidisha 1.094 kwa 1.062 kwa 1.07, unapata kama 1.24. Aliyekuwa nje siku hizo, hata kama siku nyingine zote alikuwa ndani, mtaji wake unagawanywa kwa 1.24. Mwenzake akiwa na shilingi milioni 10, yeye ana milioni 8 hivi. Na pengo hilo halizibiki lenyewe, maana faida huzaa juu ya kilichopo: mwenzake akifika milioni 50, yeye yuko 40. Ndiyo maana kwenye fahirisi hiyohiyo, kuanzia 2003 hadi 2022, kukosa siku 10 bora kati ya kama 5,000 za biashara kulikata kiasi cha mwisho kwa zaidi ya nusu.

Kuna wanaobisha kwamba hata kukwepa siku mbaya kunalipa. Kweli kabisa. Aliyeuza mwishoni mwa Februari na kurudi Machi 23 alivuna vizuri, lakini huyo alipatia mara mbili, kutoka na kurudi. Tatizo ni kwamba siku za kupanda sana na za kushuka sana huja zikifuatana, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Anayeuza kwa hofu huuza baada ya kipigo, kwa hiyo kipigo amekila na mrejeo anaukosa.

Haya yote ni ya fahirisi pana yenye kampuni mamia. Hisa za kampuni moja zinaweza kuanguka zisiinuke tena, na hapo kung'ang'ania hakusaidii.

“Sasa na ada ya Januari?” mama akaniuliza. Ada nikamwambia aitoe kwenye hisa, ila aitoe sasa soko likiwa limetulia, aiweke benki. Iliyobaki ni ya mjukuu ambaye hata chekechea hajaanza, na hiyo tumekubaliana asiifungulie simu kila jioni.