Kivuli kinaelea au kimebanduka?

*Naandikia wenzangu ripoti ya hitilafu ya ramani ya vivuli, taa ya mwelekeo. Nilikuta sakafu ina chunusi, nikaongeza upendeleo kutoka 0 hadi 0.002, sasa kivuli cha ukuta kinaelea. Maneno yangu yako sawa?*

Kinachoelea ni ukuta, au tuseme unaonekana kuelea. Kivuli kiko pale pale sakafuni, ila kimebanduka kwenye shina la ukuta. Andika "kimebanduka". Tunabandika, tunabandua, kitu kinabanduka: neno lenyewe linakumbusha kwamba awali kilishika, na kwamba kuna kilichokiachanisha.

"Chunusi" nalikubali, ila kwa Kiswahili uso hutoka chunusi, basi sakafu nayo *imetoka* chunusi. Kwenye sakafu bapa yenye miale sambamba, mara nyingi utaona michirizi badala ya vipele. Sababu ieleze kwa kitenzi kimoja: sakafu *inajitia kivuli*. Pikseli moja ya ramani huhifadhi kina kimoja tu, yaani umbali kutoka kwenye taa, kwa kipande kizima cha sakafu iliyoinama mbele ya taa, kwa hiyo nusu ya kipande hicho huonekana iko nyuma ya nafsi yake.

"Upendeleo" ndilo neno nisilolitaka kabisa. Hapa hakuna anayependelewa. Tazama mstari wenyewe:

```
kivuli = (zSasa - bias > zRamani) ? 1.0 : 0.0;
```

Hiyo `bias` ni kiasi kinachopunguzwa kwenye kina kabla ya kulinganisha, kama fundi anavyoacha nafasi mlango usikwame. Mimi ningekiita "mwanya wa kina". Mwanya una kipimo, na kipimo ndicho kilichokuponyoka.

Tuseme ramani yako ina pikseli 2048 kwa upana wa mita 40, kina chake ni mita 100, na jua limeinama digrii 60 kutoka wima. Kwa taa ya mwelekeo kina huenda sawia, kwa hiyo 0.002 ni sentimita 20 nzima! Ukuta ukiwa mwembamba, kivuli hubanduka kwa 20 × sin 60°, kama sentimita 17. (Ukuta mnene huficha kosa hili, maana ramani imehifadhi uso wake wa upande wa taa, ulio mbali zaidi na sakafu ya nyuma.) Sasa pima kinachohitajika: pikseli moja ina karibu sentimita 2, nusu yake ni 1, mara tan 60° ni 1.7. Mwanya wa 0.0002, yaani sentimita 2, unaondoa michirizi, na kivuli kinaachana na ukuta kwa chini ya sentimita 2. Ukilainisha kingo kwa kusoma pikseli za jirani, utahitaji mwanya mkubwa kidogo. Hapo ni afadhali kupunguza upana wa ramani hadi mita 10: pikseli inakuwa robo, na mwanya nao robo.

Kwenye ripoti andika: "Sakafu ilijitia kivuli, mwanya wa sentimita 20 ukabandua kivuli cha ukuta."